Taa ya Ndani Isiyozimika na Swichi Mpya Isiyowasha: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari linalozungumziwa hapa ni dogo, la milango minne, la mtindo wa zamani kidogo. Kila mlango una swichi ya pini iliyofungwa kwenye nguzo kwa skrubu moja, na taa ya ndani haisimamiwi na kompyuta yoyote. Mwenye gari alilalamikia mambo matatu: taa ya darini ilibaki ikiwaka ingawa milango yote ilikuwa imefungwa, alama ya mlango wazi kwenye dashibodi nayo haikuzimika, na gari likiegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi betri haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye aliliona dogo, kwamba mara nyingine taa huzimika ghafla gari linapopita kwenye tuta, halafu huwaka tena. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa ameshabadilisha swichi ya mlango wa dereva, kwa hoja kwamba mlango huo ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko mingine. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini taa iliendelea kuwaka.

Ili kisa hiki kieleweke, ni lazima kwanza njia ya umeme ieleweke, kwa sababu katika magari mengi ya aina hii inakwenda kinyume na watu wengi wanavyodhani. Swichi ya mlango haipeleki umeme kwenye taa. Umeme wa chanya hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na kufika kwenye balbu moja kwa moja, na hukaa hapo usiku na mchana hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kinachokosekana ni njia ya kurudi hasi, na njia hiyo ndiyo inayofungwa na kufunguliwa na swichi za milango. Waya mmoja hushuka kutoka kwenye taa, hugawanyika kwenda milango yote, na kila swichi inapoachiwa huunganisha waya huo na bodi ya gari, ambayo ndiyo ethi. Mlango ukifungwa, pini husukumwa ndani na muunganiko hukatika. Kwa hiyo taa itazimika tu iwapo swichi zote zimebonyezwa, na swichi moja tu isipobonyezwa vya kutosha itaiwasha taa hata kama nyingine ni nzima kabisa.

Kutokana na mpangilio huo, hitilafu mbili zinazoonekana kukinzana zina chimbuko moja. Taa isiyozimika maana yake ni kwamba waya wa milango umegusa ethi mahali fulani wakati haukupaswa kugusa. Mlango usiowasha taa maana yake ni kwamba swichi yake haiifikii ethi wakati ilipaswa kuifikia. Gari hili lilikuwa na hitilafu zote mbili kwa pamoja, na ya kwanza iliificha ya pili.

Suala la betri halikuhitaji uchunguzi wa ziada. Balbu ya wati 10 katika mfumo wa volti 12 hula takriban ampea 0.8. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, na hesabu hiyo inatoa karibu ampea-saa 50, ilhali betri ya gari hilo ilikuwa ya ampea-saa 45. Usiku mmoja pekee wa saa 12 hula kama ampea-saa 10, kiasi ambacho betri mpya hukimudu bila shida, ingawa betri iliyochoka inaweza kushindwa. Ndiyo maana mwenye gari aliona gari likiwaka vizuri katikati ya wiki na kugoma baada ya mapumziko, akadhani tatizo ni la betri.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuiondolea lawama taa yenyewe. Taa hiyo ina kitufe cha nafasi tatu: kuwaka daima, kuzimwa kabisa, na nafasi ya kati inayofuata milango. Ni jambo la kawaida kitufe kuguswa na mzigo au kichwa cha abiria kikahamia nafasi ya kuwaka daima, na mtu akaanza kuhangaika na milango bure. Vilevile baadhi ya magari huchelewesha taa kwa makusudi, hivyo inafaa kusubiri nusu dakika hivi baada ya kufunga milango kabla ya kuamua kwamba kuna hitilafu. Hapa kitufe kilikuwa nafasi ya kati na taa haikuzimika hata baada ya kusubiri. Kilipohamishiwa nafasi ya kuzima, taa ilizimika, lakini alama ya dashibodi iliendelea kuwaka. Hiyo alama ilikuwa ushahidi mzuri kuliko taa yenyewe, kwa kuwa nayo hupata ethi yake kupitia waya uleule wa milango. Iwapo taa ingewaka peke yake na alama ikazimika, ningeanza kutazama darini. Kwa kuwa zote mbili ziliwaka, kosa lilikuwa upande wa chini, kwenye swichi au kwenye nyaya zake.

Hatua ya pili haikuhitaji chombo chochote. Milango yote ikiwa imefungwa na taa ikiwaka, kila mlango ulisukumwa kwa nguvu kutoka nje, karibu na kitasa chake, huku mtu mmoja ndani akitazama taa. Mlango wa dereva haukubadilisha kitu, wala wa abiria wa mbele, wala wa nyuma kulia. Mlango wa nyuma kushoto uliposukumwa, taa ilizimika, na ulipoachiwa ikawaka tena. Hapo maelezo ya tuta yakapata maana: mtikisiko ulikuwa unausogeza mlango huo ndani kidogo, kiasi cha kuimaliza safari ya pini.

Kisha mlango huo ulifunguliwa na pini ikabonyezwa kwa kidole gumba hadi mwisho, milango mingine ikiwa imefungwa. Taa ilizimika mara moja na ikabaki imezimika muda wote kidole kilipokuwa pale. Jaribio hili la kidole gumba lina thamani kubwa kuliko urahisi wake unavyoonyesha, kwa sababu linatenganisha mambo matatu ambayo hutibiwa kama jambo moja. Taa ikizimika kwa kidole lakini isizimike kwa mlango, swichi ni nzima na waya ni mzima. Kinachokosekana ni msukumo. Isipozimika kwa kidole lakini ikazimika swichi inapochomolewa kwenye waya wake, swichi ndiyo mbovu ndani. Isipozimika hata swichi zote zikiwa zimechomolewa, waya wenyewe unagusa bodi mahali fulani.

Swali likawa ni kwa nini mlango huo haukuibonyeza pini vya kutosha, na hapa watu wengi hukimbilia kulegeza komeo la mlango, yaani ile pete ya chuma kwenye nguzo ambayo kitasa huing'ata. Kulisogeza komeo bila kipimo huzaa matatizo mapya: mlango unakuwa mgumu kufunga, au maji yanaanza kupenya. Kwa hiyo vilichukuliwa vipimo viwili kwanza. Pini ilibonyezwa polepole hadi taa ilipozimika, na urefu uliobaki nje ya nguzo ukapimwa kwa rula: milimita 14. Halafu bonge la udongo laini wa kuchezea watoto, lililofunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili lisinate, lilibandikwa kwenye nguzo kando ya swichi, mlango ukafungwa na kufunguliwa. Unene wa udongo uliobaki, ambao ndio nafasi halisi kati ya nguzo na mlango, ulikuwa milimita 16. Pini ilihitaji kusukumwa milimita 2 zaidi ya pale mlango ulipoishia.

Kipimo kilekile kilirudiwa kwenye mlango wa nyuma kulia, ambao ulikuwa ukifanya kazi vizuri, na udongo ulibaki na unene wa milimita 16 vilevile. Hivyo mlango wa kushoto ulikuwa umekaa mahali pake kama mwenzake, na komeo halikuwa na kosa. Tofauti ilikuwa kwenye pini. Swichi za aina hii huvalishwa mpira wenye ncha nene inayogusana na mlango, na mpira huo huzuia maji na pia huongeza urefu wa pini. Wa upande wa kulia ulikuwa mzima. Wa upande wa kushoto ulikuwa umetobolewa na pini katikati kabisa, hivyo chuma kilichungulia na kugusa mlango moja kwa moja. Kwenye rangi ya mlango kulikuwa na kidoa kinachong'aa, kikubwa kama punje ya dengu, mahali ambapo pini ilikuwa ikisugua. Ile ncha iliyotobolewa ndiyo zile milimita 2. (Kama nafasi zingetofautiana, ingekuwa sahihi kuligusa komeo: kuchora mzunguko wake kwa kalamu, kulegeza skrubu zake, na kulisogeza ndani kama milimita moja kwa wakati.)

Kuna dawa ya haraka inayopendwa sana, ya kubandika kipande cha mpira kwa gundi mahali pini inapogusa mlango. Inafanya kazi, na kwa mtu aliye safarini sioni ubaya wake, lakini gundi hulegea kwa joto na tatizo hurudi likiwa limesahaulika chanzo chake. Tena mpira uliotoboka hauachi tu pini kuwa fupi, unaacha maji yaingie, na swichi inayoingia maji itashika kutu ndani hata kama leo ni nzima. Hapa ilibadilishwa swichi nzima pamoja na mpira wake. Iliwekwa kwanza sambamba na ile ya kulia kuhakikisha kwamba pini zao zina urefu sawa, kwani swichi nyingi hufanana kwa tundu na skrubu lakini hutofautiana kwa milimita kadhaa za pini, na iliyo fupi itarudisha kosa lilelile.

Katika kuitoa ya zamani kuna tahadhari moja ambayo fundi mzoefu huichukua bila kufikiri. Waya wa swichi ni mfupi, na mara kiungo chake kinapochomolewa, hurudi ndani ya nguzo na kutumbukia chini, na kuutoa humo huweza kulazimu kufungua pambo lote la pembeni. Kwa hiyo swichi huvutwa taratibu, waya hubanwa kwa koleo au hufungwa uzi kabla ya kuchomolewa, na uzi huo haukatwi hadi swichi mpya imekwisha kuchomekwa.

Swichi mpya ilipofungwa, taa ilizimika mlango ulipofungwa, na alama ya dashibodi ikazimika nayo. Hapo ndipo ilipowezekana, kwa mara ya kwanza, kujaribu kila mlango peke yake. Wa nyuma kushoto uliwasha taa, wa nyuma kulia uliwasha, wa abiria wa mbele uliwasha. Wa dereva, ambao ulikuwa na swichi mpya iliyowekwa na fundi aliyetangulia, haukuwasha kitu. Kwa muda wote ambao taa ilikuwa ikiwaka yenyewe, hakuna ambaye angeweza kuligundua hilo.

Mtu angefikiri swichi hiyo mpya ilitoka mbovu, na jambo hilo hutokea, ila kuna njia fupi ya kujua. Swichi ilitolewa na kupimwa kwa mita kwenye kipimo cha omu, waya mmoja wa mita ukiwa kwenye kichomeo cha swichi na wa pili kwenye sikio la chuma ambalo skrubu hupitia. Pini ikiwa imeachiwa, mita ilisoma chini ya omu moja. Pini ilipobonyezwa, haikusoma muunganiko wowote. Hiyo ni swichi nzima. Kisha ulipimwa waya uliobaki kwenye nguzo, kwa kipimo cha volti, kati yake na chuma kitupu cha bodi: karibu volti 12, zilizopita kwenye balbu. Waya ulipounganishwa na bodi kwa kipande kifupi cha waya, taa iliwaka. Jaribio hili la mwisho ni salama kwa sababu balbu iko njiani na inazuia mkondo usizidi ile ampea 0.8, lakini halifai kufanywa kwa kubahatisha. Swichi ya dereva katika magari mengi ina nyaya zaidi ya moja, mmoja ukiwa wa king'ora cha ufunguo uliosahaulika au wa mfumo mwingine, na waya unaobeba chanya ya moja kwa moja ukiguswa kwenye bodi utaunguza fyuzi.

Swichi nzima, waya mzima, na bado taa haiwaki. Kilichobaki ni ethi ya swichi, ambayo katika aina hii haina waya wake. Ni ile skrubu na lile sikio la chuma tu. Swichi ilirudishwa mahali pake, skrubu ikakazwa, na mita ikapima kati ya sikio na nguzo ya hasi ya betri. Hakukuwa na muunganiko wowote. Skrubu ilipotolewa tena na tundu likamulikwa kwa tochi, sababu ilionekana. Tundu lilikuwa limepanuka kwa kutu, skrubu ya asili ikawa haishiki, na fundi aliyetangulia akawa amechomeka ndani yake kigingi cha plastiki cha ukutani ili skrubu ing'ate. Iling'ata vizuri sana. Swichi ilikaa imara kiasi kwamba hakuna ambaye angeishuku, lakini skrubu ilikuwa imezungukwa na plastiki pande zote, na sikio limelala juu ya rangi, hivyo umeme haukuwa na pa kupita.

Kigingi kiliondolewa, kutu ikasuguliwa kwa msasa hadi chuma cheupe kikaonekana kuzunguka tundu, kwa upana wa lile sikio tu, na skrubu ya kujichimbia yenye unene wa namba moja zaidi ikatumika. Baada ya kukazwa, sehemu ilipakwa grisi kidogo kuzuia unyevu. Kama tundu lingekuwa limeharibika kupita kiasi cha kushika skrubu, njia nzuri ingekuwa kufunga swichi kwa namna yoyote imara na kuunganisha sikio lake na bolti safi iliyo karibu kwa waya mwembamba wa ethi. Plastiki si dhambi yenyewe. Kosa ni kusahau kwamba skrubu hiyo ilikuwa na kazi mbili.

Kuthibitisha kazi, mita iliwekwa kwenye kipimo cha ampea 10 kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake, milango yote ikiwa imefungwa na ufunguo umetolewa. Mkondo ulishuka baada ya dakika chache hadi takriban miliampea 30, kiwango cha kawaida kwa saa na redio vinavyotunza kumbukumbu. Ukizidi miliampea 50 hivi na usishuke, kuna kitu kingine kinachokula betri. Injini haiwashwi mita ikiwa mahali hapo, kwa maana stata itaiharibu papo hapo. Betri nayo ilichajiwa kwa chaja usiku kucha, kwa kuwa mwendo wa safari fupi haurudishi kilichopotea katika saa 60.

Kisa hiki kiliangukia mikononi mwa kidole gumba, lakini si kila gari litakuwa hivyo. Taa inapobaki ikiwaka hata swichi zote zikiwa zimechomolewa, mahali pa kutazama kwanza ni pale mtu alipofanya kazi karibuni: skrubu ndefu ya pambo iliyotoboa waya, zulia lililorudishwa likaubana waya kwenye reli ya kiti, au spika mpya. Na ukiona taa inatoa mwanga hafifu badala ya kuwaka kamili, uliza kwanza kama balbu ya asili ilibadilishwa kwa ya LED. Swichi iliyoingia unyevu huvujisha mkondo mdogo mno kuweza kuonekana kwenye balbu ya waya, ilhali LED huuonyesha. Hapo swichi za kushuku ni zile zenye mpira uliochanika, hata kama kwa kidole zinaonekana kutii.

Magari mapya zaidi hayana pini kwenye nguzo. Swichi imefichwa ndani ya kitasa cha mlango, na taarifa yake huenda kwenye kompyuta ambayo ndiyo huamua kuwasha taa. Jaribio lake ni lilelile kwa namna nyingine: mlango ukiwa wazi, ulimi wa kitasa husukumwa kwa bisibisi hadi ujifunge kama mlango umefungwa, kisha taa hutazamwa kwa muda. Isipozimika, vilainishi vya kunyunyizia vikiingizwa kitasani na ulimi ukafungwa na kufunguliwa mara kadhaa, wakati mwingine swichi iliyokwama kwa vumbi na grisi kavu huachia. Visiposaidia, mara nyingi hulazimu kubadilisha kitasa, au kukagua nyaya ndani ya bomba la mpira kati ya mlango na nguzo, ambako hupinda kila mlango unapofunguliwa hadi zikakatika. Kabla ya kuufunga mlango baada ya jaribio hilo, ni lazima mpini uvutwe ili ulimi ufunguke tena, la sivyo mlango utagonga komeo ukiwa umejifunga, na ulimi au komeo litapinda.